Ajali ya Kiswahili si Ajal ya Kiarabu



Katika darsa moja ya jioni tulimwambia kijana mmoja, aliyekwisha maliza juzuu kadhaa na kuanza kusoma sarufi, atueleze kwa Kiswahili maana ya aya ya 4 ya Suratut-Talaq, inayozungumzia eda ya mwanamke mjamzito aliyeachwa. Alipofika kwenye neno "ajal" hakusita hata kidogo. Alisema kwamba ajali ya wanawake hao ni kuzaa. Wenzake walicheka, naye akashangaa wanacheka nini, kwani neno hilo analijua tangu utotoni.

Sisi hatukumlaumu. Kosa lake ni la mwanafunzi mwenye bidii, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa wengi wetu tunalirudia tunapofungua Msahafu au kitabu cha fiqhi tukiwa na Kiswahili chetu tu mkononi.

Kiswahili kimepokea maneno mengi kutoka Kiarabu, na mengi yamebaki waaminifu kwa asili yake. Kitabu ni kitabu, asali ni asali, samaki ni samaki. Uaminifu huu ndio unaotudanganya. Mwanafunzi anapokutana na maneno kumi yaliyokubaliana, hulipokea la kumi na moja bila kuliuliza, na hilo la kumi na moja huwa limevaa nguo ya jirani huku likisema jambo jingine.

"Ajal" kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, au kikomo cha muda huo. Kila neno lina mahali pa kulipima, na mahali pa kulipima neno hili ni matumizi yake mbalimbali. Katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote, waumini wanaamrishwa kuandika deni wanapokopeshana hadi "ajal" iliyotajwa. Hapo ni siku ya kulipa. Katika Suratut-Talaq ni kikomo cha eda, yaani mjamzito eda yake inakwisha anapojifungua. Katika aya ya 34 ya Suratul-A'raf kila umma una "ajal" yake, yaani muda wake usiotangulizwa wala kucheleweshwa. Mahali pote patatu maana ni moja, nayo ni kikomo cha muda. Jaribu kuweka ajali ya barabarani katika aya ya deni, utapata mkopo unaolipwa siku gari litakapopinduka. Maana hiyo inabomoa lengo la aya yenyewe, ambalo ni siku ijulikane ili watu wasigombane.

Ilikuwaje basi neno likahama? Njia yake si ngumu kuifuata. Kikomo kikubwa kuliko vyote ni kikomo cha umri, na Waarabu wakisema "ajal" ya mtu imefika, humaanisha kwamba amekufa. Kutoka kifo kilichokadiriwa, neno likaelekea kwenye msiba unaomfika mtu bila kutarajia, na hatimaye likatua kwenye magari yanayogongana. Mzee anaposema "ajali haina kinga", bado kuna harufu ya maana ile ya kwanza ndani ya maneno yake.

Mtego wa pili umefichwa ndani ya huo wa kwanza, nao ni hatari zaidi. "Ajal" ya muda huanza kwa hamza. Kiarabu kina neno jingine, "'ajal", linaloanza kwa ayn, na maana yake ni haraka. Hilo ndilo lililomo katika aya ya 37 ya Suratul-Anbiyaa, inapoelezwa kwamba mwanadamu ameumbwa na haraka. Herufi zetu za Kiswahili hazina ayn, basi mwanafunzi anayeandika daftari lake kwa herufi za Kiswahili huandika maneno yote mawili sawasawa, na akilirejea daftari baada ya mwezi hawezi tena kujua lipi ni lipi.

Msidhani kwamba hili ni jambo la darasani tu. Kutokana na mzizi wenye hamza tunapata "muajjal", yaani kilichoahirishwa. Kutokana na mzizi wenye ayn tunapata "mu'ajjal", yaani kilichoharakishwa, kinachotolewa papo hapo. Vitabu vya fiqhi hutumia maneno yote mawili katika mlango wa mahari. Tuchukue mfano. Mahari ni shilingi 600,000, na karatasi ya ndoa iliyoandikwa kwa herufi za Kiswahili inasema "mahari muajjal". Je, bibi harusi anastahiki kupokea fedha zake leo, au baadaye? Karatasi haimjibu. Mume atasoma hamza na mawalii watasoma ayn, na kila upande utadai kwamba unasoma kilichoandikwa. Haki ya mwanamke imening'inia kwenye herufi ambayo haikuandikwa. Ushauri wetu kwa wanaoandika karatasi hizo ni kuliacha neno hilo na kusema kwa Kiswahili wazi: imelipwa taslimu, au italipwa tarehe fulani.

Mkanganyo huu wa herufi haukomei kwenye ayn. Ha ya "Rahman" na kha ya "khalifa" mara nyingi huwa ha moja tu vinywani mwetu. Ndiyo maana Siku ya "hasra", iliyotajwa katika aya ya 39 ya Suratu Maryam, wengine huisoma kuwa siku ya hasira, na wengine siku ya hasara. Si hii wala si ile. "Hasra" ni majuto makali ya jambo lililompita mtu. Hasara inatokana na kha, ndugu yake "khusr" ya Suratul-Asr. Na hasira yetu, kwa Kiarabu ni "ghadhab".

Basi mwanafunzi ajikinge vipi? Kwanza, aandike kila neno kwa herufi za Kiarabu, na asiweke tafsiri pembeni kabla hajazitaja herufi zake za asili moja baada ya nyingine. Pili, alitafute chini ya mzizi wake, kwa mfano katika "al-Mu'jam al-Wasit", na atazame ndugu zake. Akiona chini ya hamza, jim na lam kuna kuahirisha na kilichoahirishwa, atajua kwamba yuko katika nyumba ya muda, na magari hayamo. Tatu, aipeleke maana aliyoipata kwenye sehemu mbili nyingine lilimotumika neno hilo. Ikikataa kukaa hata pamoja, airudie upya.

Nasi hatujioni tumesalimika. Mwaka wetu wa kwanza wa masomo ugenini tulisoma gazetini "haditha" ya "murur", tukatafuta kwa hamu hadithi iliyosimuliwa. Ilikuwa habari ya gari lililogonga watu. Hiyo ndiyo ajali kwa Kiarabu.

Wabillahi tawfiq.