Chaki ya saa mbili na chaki ya saa nne

Haya wadau, ubishi wa darasa la falsafa umetufuata mpaka bwenini, basi na mimi natoa ya kwangu hapa.

Chukua chaki mpya. Saa mbili asubuhi ina sentimita 8. Mwalimu anaandika weee, saa nne imebaki sentimita 3. Ni chaki ile ile? Kila mtu atasema ndiyo. Sasa kitu kimoja kinawezaje kuwa na urefu wa 8 na tena wa 3?

Mwaka 1986 David Lewis aliuliza hivyo hivyo kuhusu mtu anayekaa akiwa amejikunja, kisha akasimama amenyooka. Jibu lake ndilo linaloitwa perduransi: chaki imetandazwa kwenye muda kama barabara ilivyotandazwa ardhini. Ina kipande cha saa mbili chenye sentimita 8, na kipande kingine cha saa nne chenye 3. Hakuna kipande chenye urefu wote wawili, kwa hiyo mgongano umekwisha.

Ujanja, nakubali. Lakini jamani, barabara yenye lami huku na vumbi kule haijabadilika, ina sehemu tofauti tu! Mimi nilitaka kuelezwa jinsi chaki ilivyofupika, nimepewa vipande viwili ambavyo hakuna hata kimoja kilichofupika. Watu wa Lewis watasema kubadilika ndiyo huko kutofautiana kwa vipande. Hapo ndipo tunapoachana.

Halafu kuna Judith Jarvis Thomson, ambaye mwaka 1983 alitumia chaki kweli kweli (sisi walimu watarajiwa tumfurahie). Alisema ukifuata nadharia hii, umeshika chaki moja saa nzima, lakini mkononi kila mara kinatokea kitu kipya cheupe, chenye uzito, ambacho dakika chache nyuma hakikuwepo kabisa. Kimetoka wapi? Yeye aliona ni kichaa.

Mimi niko na enduransi: chaki yote nzima ilikuwepo saa mbili, na yote iliyobaki ipo saa nne, ni hiyo hiyo. Mgongano je? Wengine husema urefu ni uhusiano kati ya chaki na saa. Lewis alikataa, na alikuwa na haki, maana urefu ni wa chaki yenyewe, siyo kama ujirani. Afadhali useme saa inaeleza ule "kuwa na", siyo urefu. Chaki ilikuwa, kwa saa mbili, na sentimita 8. Ile "kwa" inafanya kazi gani hasa? Bado inanisumbua, sifichi.

Rafiki yangu aliyekula sapu anadai kipande kilichofeli siyo kitakachorudia mtihani. Hapo hata Lewis hamsaidii: mtu kwake ni mfululizo mzima, na mkono ukiiba anafungwa mwenye mkono. Atasoma tu.