Usiku Mmoja wa Simu, Siku Nne za Aibu

 

Leo sianzi na dhambi ya mtu mwingine. Naanza na simu yangu.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa siku 26 bila kutazama zile video fupi usiku. Mnakumbuka nilitangaza madhabahuni, mkapiga makofi. Siku ya 27 nilirudi kutoka mazishi upande wa Sotik, nimelowa mvua, nimechoka, mama watoto amelala. Simu ilikuwa kwenye chaji karibu na mto. Nikasema nitazame moja tu ili usingizi uje. Ilikuwa saa 5 na robo. Nilipoinua macho ilikuwa saa 8 usiku.

Hayo ni masaa matatu kasorobo. Ni hasara, lakini ni hasara ya usiku mmoja.

Hasara kubwa ilikuja asubuhi. Niliamka nikajiambia, "Wewe ndiye mchungaji? Umeshaharibu, basi." Na kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu, nikafungua tena kabla ya chai. Nikamkwepa mzee wa kanisa aliyekuwa akiniuliza habari za safari hii. Siku nne zilizofuata, simu yenyewe ilinihesabia karibu masaa 14. Uchovu wa mazishi ulinichukulia usiku mmoja. Aibu ikanichukulia siku nne.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaoacha pombe na sigara. Mwaka 1985 yeye na Judith Gordon walitoa kitabu juu ya jambo hili. Aliona kwamba kuteleza mara moja ni kitu kimoja, na kurudia maisha ya zamani ni kingine. Kati ya hayo mawili kuna maneno ambayo mtu hujiambia. Anayesema, "Nimeteleza kwa sababu ya ile saa na ile hali," ana kitu cha kurekebisha. Anayesema, "Nimeteleza kwa sababu ndivyo nilivyo," hana cha kurekebisha, kwa hiyo anaendelea. Mimi siku ile nilikuwa huyo wa pili, na Biblia ikiwa mezani.

Uchunguzi mwingine ulifanywa chuo kikuu cha Carleton, Kanada, ukatolewa mwaka 2010. Haukuhusu simu, ulihusu wanafunzi wanaoahirisha kusoma mpaka mtihani unafika. Waliojisamehe kwa kuchelewa katika mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya mtihani wa pili. Wengi wetu tungetarajia kinyume chake, kwamba anayejisamehe atazembea zaidi. Lakini fikiria kidogo. Kitu kikikukumbusha aibu, unakikimbia. Na sisi watu wa siku hizi tukitaka kukimbia, tunakimbilia wapi? Kwenye simu ile ile.

Hapa lazima nitubu hadharani. Nimewahi kuhubiri kwa namna iliyolisha aibu hii. Kuna kijana wetu aliyesimama akashuhudia kwamba amefuta TikTok, nasi tukashangilia. Wiki tatu baadaye akairudisha, na tangu hapo hatukumwona ibadani. Nilipomfuata nyumbani hakuniambia kwamba amemwacha Mungu. Aliniambia, "Pasta, ningewaangaliaje?" Ushuhuda tulioushangilia ulikuwa umegeuka mlango uliofungwa. Wagalatia 6 inatuagiza tumrejeze aliyenaswa kwa upole. Mimi nilimpa makofi ya kuanzia, sikumwandalia njia ya kurudi.

Sisi wa Kericho na Bomet tunajua jambo hili shambani. Chai huchunwa kwa mzunguko, kila baada ya siku 7 hadi 14 hivi. Ukiugua ukaruka mizunguko miwili, machipukizi hupita juu ya meza, majani yanakuwa magumu, na ukiyapeleka kituoni karani anayakataa. Unafanya nini? Hakuna anayeng'oa mche. Unavunja yale magumu mpaka usawa wa meza, unayatupa, halafu unasubiri majani mawili na chipukizi. Mizizi ni ile ile.

Basi, hivi ndivyo nilivyofanya siku ya tano, na ndivyo ninavyowashauri.

Kwanza, nilimtumia yule mzee ujumbe mfupi: "Nilirudi kwenye video. Siku ya kwanza ni kuanzia saa 5 na robo hadi saa 8 usiku. Nilikuwa nimetoka mazishini, nimechoka, simu iko kitandani. Kuanzia leo inalala sebuleni." Angalia kilichomo: nilichofanya, saa, hali, na kinachobadilika. Hakuna "mimi ni mtu bure kabisa". Matusi ya kujitukana yanafanana na toba, lakini hayakuonyeshi mlango ulioingilia.

Pili, niliutafuta mlango huo. Nilikuwa nimeweka kikomo cha nusu saa kwa siku kwenye Digital Wellbeing, ile sehemu ya mipangilio ya simu za Android. Kumbe hesabu ya kikomo hicho huanza upya saa 6 usiku. Ilipofika saa 6, nilipewa nusu saa mpya. Ilipokwisha nikaondoa kikomo kwa kidole kile kile. Kufuli ambayo ufunguo wake uko mkononi mwako haikusaidii ukiwa umechoka. Sasa chaji iko sebuleni, nami nimenunua saa ndogo ya kuniamsha.

Tena kumbuka, ukurasa huo umetengenezwa usiwe na mwisho. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mtindo huo mwaka 2006, amesema hadharani kwamba anaujutia. Zamani ulifika chini ya ukurasa ukaamua kama utaendelea. Sasa hakuna chini. Hilo halikuondolei wajibu, lakini linakuonyesha kwamba vita hii haishindwi kitandani saa 5 usiku. Inashindwa saa 2 jioni, unapoamua simu italala wapi.

Tatu, sikurudi sifuri. Siku 26 hazikufutika. Nilihesabu hivi: siku 26 nzuri, tano mbaya, naendelea. Anayerudi sifuri kila akiteleza huchoka kuhesabu, kisha huacha.

Mtu ataniuliza, "Pasta, sasa tufanye dhambi tukiwa tumestarehe?" Hapana. Kujuta kunasema, "Nilichofanya ni kibaya." Aibu ninayoikataa inasema, "Mimi ndiye ubaya." Na kipimo ni rahisi: kama umejisamehe lakini simu bado inalala kando ya mto, hujajisamehe, umejipa ruhusa. Na kama unachorudia ni kamari au picha chafu, usipigane kwa ujumbe wa simu tu. Tafuta mshauri, na njoo tuzungumze.

Petro alimkana Bwana akiwa kando ya moto wa makaa. Soma Yohana 18, kisha Yohana 21. Baada ya kufufuka, Yesu alimwandalia Petro kifungua kinywa, na pale palikuwa na moto wa makaa tena. Hakumtukana. Alimuuliza habari ya upendo, kisha akampa kazi ya kufanya asubuhi ile.

Kijana wangu, kama unasoma hapa, kiti chako kipo. Huhitaji kuleta ushuhuda. Njoo tu Jumapili, na tukimaliza tutakunywa chai.

Barikiweni.