Jumanne Nyeupe

Ndugu wazazi, na nyinyi watoto mnaotusomea ukurasa huu, nina ombi. Tunawapa nyota watoto wanaosoma Kiswahili nyumbani siku mfululizo, na anayekosa siku moja anaanza upya. Naomba tuuache mtindo huo. Nasema hivi baada ya kuutandaza mwaka 2025 wa binti yangu kwenye karatasi moja.

Nilichukua karatasi ya vijumba. Pembeni niliandika siku saba kutoka juu kwenda chini, nikaanza na Jumamosi, maana kwetu ndiyo siku ya kwanza na jina lenyewe linasema. Tena ukianza na Jumapili, siku mbili za mapumziko zinaachana, moja juu na nyingine chini kabisa. Kila wiki ni mstari mmoja wa kusimama. Januari mosi ilikuwa Jumatano, kwa hiyo vijumba vinne vya juu vilibaki nje ya mwaka, na mwaka wote ukachukua mistari 53.

Rangi ndizo zilizonisumbua. Kwanza nilizipima kwa siku aliyosoma zaidi, na Jumamosi moja alisoma dakika 180, basi siku nyingine zote zikapauka. Nikafuta, nikaweka viwango visivyobadilika: nyeupe hakusoma, kijani hafifu hadi dakika 10, kijani cha kawaida hadi 20, kijani kilichokolea zaidi ya hapo.

Nikaiona Jumanne. Mstari mzima mweupe, Januari hadi Desemba. Alisoma Jumanne 9 tu kati ya 52. Alhamisi alisoma 41. Mtoto mvivu wa Jumanne tu mmemwona wapi? Jumanne ndiyo siku ninayoingia zamu ya usiku. Mwaka mzima nilimgombeza, na ile siku iliyokuwa ikimkatia nyota ilikuwa yangu mimi.

Kulikuwa na pengo lingine, wiki tatu za Agosti, pana kama jino lililong'oka. Hapo tulikuwa Tanga kwa bibi yake, anaongea Kiswahili tangu alfajiri, na daftari limebaki huku kabatini. Kwa hesabu ya nyota, hizo ndizo wiki zake mbaya kuliko zote!

Wodini, joto la mgonjwa lisipoandikwa hatuandiki sifuri, tunajua hakupimwa. Vivyo hivyo kijumba kisicho na habari kipigwe mstari, kisiachwe cheupe. Na karatasi yenyewe inahesabu dakika za kitabu tu, mazungumzo ya jikoni haiyaoni.

Mkutano ujao nitaleta karatasi tupu za mwaka huu, mistari na siku zimeshachorwa. Jazeni pamoja na watoto wenu. Baada ya wiki kumi hivi someni kwa kulala kabla ya kusimama, siku kwa siku. Yetu ya Jumanne tumeihamishia asubuhi, kabla ya shule, dakika nane na uji.