Tusisahihishe Tahajia Tu: Kichwa cha Kipeperushi Kiahidi Jambo Moja

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hapa Bujumbura huletewa kazi hii siku moja. Jirani mwenye duka huja na kipeperushi mkononi na kusema, "Wewe unasoma Kiswahili, hebu nisahihishie." Nasi tunachukua kalamu nyekundu. Tunarekebisha upatanisho wa ngeli, tunatenganisha maneno yaliyoshikana, tunaweka nukta, kisha tunairudisha karatasi tukiwa na furaha ya mwalimu. Nasema wazi kwamba mara nyingi tunakuwa hatujasahihisha kitu. Kichwa cha kipeperushi kisichomwahidi msomaji faida moja anayoweza kuiona ni kibovu hata kama sarufi yake ni safi kama maji ya kisima. Anayekiacha jinsi kilivyo amesafisha sahani akamwekea mgeni bila chakula.

Nitumie mfano ninaoufahamu. Mama mmoja ana duka dogo la ushonaji huko Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya nyumbani kwa wengi. Ana vyerehani viwili, chake na cha kijana anayemsaidia. Anashona sare za shule, nguo za harusi na mapazia, na anabadilisha zipu. Kipeperushi alichotaka kugawa mwezi wa Agosti kilianza hivi kwa herufi kubwa:

KARIBUNI WATEJA WETU WAPENDWA! TUNATOA HUDUMA BORA ZA USHONAJI ZENYE VIWANGO VYA KISASA KWA BEI NAFUU

Mkaguzi wa sarufi hapati kosa hapa. Lakini hebu tukijaribu kichwa hiki kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha duka. Ondoa neno "ushonaji" uweke "unyoaji", kisha "simu", kisha "keki". Sentensi inabaki imara kila mara, kwa hiyo haikuwa ya duka hili tangu mwanzo. Ya pili ni kutafuta kinyume chake. Je, kuna fundi ambaye angeandika kwamba huduma zake ni duni, za kizamani na za bei ghali? Hakuna. Neno ambalo hakuna mshindani anayeweza kulikataa halimwambii mteja kwa nini aje hapa asiende kule.

Anayeona udhaifu huu hukimbilia kwenye kamusi. Anatafuta maneno makubwa zaidi: "huduma aali", "ushonaji uliotukuka". Hapo ndipo wanafunzi wa lugha tunapodhuru zaidi kuliko mtu asiyesoma lugha. Faida haimo kwenye kamusi. Imo kwenye yale yanayomsumbua mteja, na hayo hayajulikani bila kuuliza. Swali lenyewe si "Mama, wewe una sifa gani?" Ukimwuliza hivyo atakujibu kwamba anashona vizuri, kama ambavyo kila fundi angekujibu. Swali ni hili: "Mama, wateja wakija kwako kwa mara ya kwanza, wanamlalamikia vipi fundi waliyetoka kwake?"

Mama huyo alicheka. "Mwanangu, wote wana neno moja: njoo kesho."

Faida ilipatikana hapo. Kila mtu aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anaijua hiyo "njoo kesho". Ni kero mwaka mzima, lakini mwishoni mwa Agosti inakuwa hofu, kwa sababu shule zinafunguliwa Septemba na mtoto hawezi kwenda darasani na vipande vya kitambaa. Duka hili lingeweza kuahidi mambo matatu: bei ndogo, mshono imara, au siku ya uhakika. Bei ndogo jirani anaweza kuipunguza zaidi kesho asubuhi, na kipeperushi kikawa hakina maana. Mshono imara ni jambo la kweli, lakini mzazi hawezi kuuthibitisha mpaka mtoto awe ameivaa sare miezi kadhaa. Siku ya uhakika mzazi anaielewa papo hapo, anaihitaji sasa, na ataijua kama ni kweli au uongo katika wiki hiyohiyo. Ahadi ichaguliwe hiyo, na sare peke yake. Mapazia na zipu vishuke chini ya karatasi kwa herufi ndogo.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa ndipo elimu yetu ya sarufi inapopata kazi halisi. Jaribio la kwanza lilikuwa "Tunashona sare za shule kwa haraka". Ni afadhali kuliko kichwa cha zamani, lakini mtenda ni duka, mzazi hayumo. Isitoshe, "haraka" haina kipimo: kwa fundi mmoja ni siku mbili, kwa mwingine ni wiki mbili. Jaribio la pili likawa "Sare tayari kwa siku tatu". Kipimo kimeingia, lakini siku tatu zinaanza lini? Tangu kuleta kitambaa, tangu kupima, au tangu kulipa? Tena msomaji mtundu anaweza kuelewa kwamba sare itafaa kwa siku tatu tu! Jaribio la tatu ndilo lililochapwa:

MLETE MTOTO APIMWE JUMATATU, UCHUKUE SARE YAKE ALHAMISI

Tazama kazi ya vitenzi. "Mlete" ni amri, na mtendaji wake ni mzazi. "Uchukue" iko katika dhamira tegemezi, na kiambishi "u-" kinamrudia mzazi yuleyule. Tungeandika "chukua", tungekuwa na amri mbili zilizosimama begani kwa bega. Kwa "uchukue", tendo la pili linakuwa tunda la lile la kwanza: fanya hili, upate lile. Kiswahili kina ahadi ndani ya umbo lake lenyewe, nasi tunahangaika na "viwango vya kisasa". Majina ya siku nayo yanaziba mlango wa ubishi, kwani hakuna anayeweza kusema kwamba Alhamisi ilimaanisha Jumamosi. Mwanzo wa hesabu pia umetajwa: ni kupimwa.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ujanja wa kuuza tu. Ungekuwa ujanja kama kalamu ingeishia hapo. Kichwa kinachoahidi kitu mahususi kina gharama ambayo kichwa kitupu hakina: kinaweza kuvunjwa. Kwa hiyo kabla ya kuchapa ni lazima kuhesabu. Vyerehani ni viwili, na kila kimoja hutoa sare tatu kwa siku umeme usipokatika. Jumla ni sare sita. Akipokea watoto sita kila siku, sindano moja ikivunjika au kaptula moja ikihitaji kurudiwa, deni linaanza kulimbikizana, na kufikia wiki ya pili "njoo kesho" imerudi. Kwa hiyo tulikubaliana apime watoto watano kwa siku, asizidishe. Chini ya kichwa tukaongeza mstari mdogo: "Tunapima watoto watano kwa siku. Siku nyingine pia sare huwa tayari baada ya siku tatu za kazi, Jumapili haihesabiwi." Mtoto wa sita anaandikiwa apimwe kesho yake. Ni bora kumwambia mzazi ukweli kabla hajalipa kuliko kumwomba radhi baadaye. Mwenye duka asiyeweza kuishika hesabu hii aahidi siku tano, na ziwe tano kweli.

Pingamizi la pili ni la wenye duka wenyewe: "Nashona vitu vinne, kwa nini nitangaze kimoja? Nitawapoteza wa mapazia." Jibu ni kwamba kipeperushi hugawiwa njiani, na mpita njia hukitupia jicho kabla ya kukikunja au kukitupa. Katika muda huo hasomi orodha. Anaona kama jambo lake limo au halimo. Mzazi wa Agosti akikuta sare ya tatu kati ya huduma nne, hajaiona. Na akija kuchukua sare Alhamisi, ataona mapazia yametundikwa ukutani bila kuambiwa.

Pingamizi la tatu nililisikia darasani, nalo nalichukulia kwa uzito zaidi: kwamba kuanza na ahadi bila "karibuni" ni kukosa adabu, maana Mswahili huanza na salamu. Nakubali kwamba mtu husalimiwa kwanza. Lakini salamu hutaka kuitikiwa, na karatasi haiitikiwi. Mlangoni mama huyo atamsalimu mgeni, atamuuliza hali ya nyumbani, atampa kiti. Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Kwenye karatasi, heshima kubwa kwa mtu mwenye haraka ni kutompotezea muda. "Karibu" tuliiweka mwisho, pamoja na jina la duka na maelekezo ya kufika, mahali ambapo msomaji aliyekwisha kuvutwa anaitafuta njia.

Kama bado mnabisha, msinibishie mimi, pimeni. Mmarekani Claude Hopkins, aliyeandika kitabu chake kuhusu utangazaji wa kisayansi mwaka 1923, alitaka matangazo yahukumiwe kwa kuponi zinazorudi, si kwa ladha ya waandishi. Duka dogo linaweza kufanya vivyo hivyo. Chapa karatasi 100 zenye kichwa cha zamani na 100 zenye kipya, mengine yote yafanane. Zote ziseme: "Njoo na karatasi hii upewe vifungo viwili vya akiba." Zigawe mahali pamoja, siku zilezile, moja ya zamani kisha moja mpya. Halafu hesabu zinazorudi. Zikirudi tatu kwa tano, hujajua chochote, kwa kuwa tofauti hiyo yaweza kuwa bahati. Zikirudi mbili kwa kumi na tano, nyamaza uchape mpya. Na pamoja na hizo hesabu sare zilizochelewa, kwani kichwa kilicholeta watu wengi na kuwavunjia ahadi kimelidhuru duka.

Wahadhiri wetu, mnatufundisha kuhariri insha, barua rasmi na hotuba. Tupeni pia kipeperushi cha duka, na mtunyime alama tukirudisha sarufi safi juu ya kichwa kitupu. Nanyi wenzangu, jirani atakapowaletea karatasi yake, iacheni kalamu mfukoni kwanza. Muulizeni wateja wake wanalalamika nini, na anaweza kuwaahidi nini bila kusema uongo. Akishajibu, ndipo mtakuwa na kitu cha kusahihisha.