Mchunguzi na Shemejiye
Juma hili, katika kikao cha chama kimoja cha ushirika, mzee aliyeteuliwa kuchunguza upungufu wa fedha za mhazini alisimama kabla jalada halijafunguliwa, akaarifu kuwa mtuhumiwa ni shemejiye. Karani akaandika udugu huo katika kumbukumbu, jalada likakabidhiwa mwingine, na mzee akatoka barazani, wala hakurudi hadi shauri lilipokwisha kujadiliwa. Baadhi walinung'unika kwamba mzee yule ni mwadilifu, nami sina shaka na uadilifu wake. Lakini mizani iliyoguswa kwa kidole, hata isipoinama, hutiliwa shaka. Huko London, Desemba 1998, hukumu juu ya Jenerali Pinochet, iliyopita kwa kura 3 dhidi ya 2, ilitenguliwa na mahakama ile ile iliyoitoa, kwa kuwa Jaji Hoffmann hakutamka kuwa ni mkurugenzi wa taasisi ya hisani iliyofungamana na Amnesty International, iliyoshiriki kesini, ingawa hapana aliyemtuhumu kupendelea. Kwa rai yangu, atamkaye uhusiano wake baada ya kuwahoji mashahidi amekwisha kuidhulumu haki, maana maswali aliyoyaacha hayaonekani popote katika ripoti yake.