Kivuli Kilichoyeyuka: Picha ya Kifua cha Mwenye Moyo Uliochoka

Mgonjwa arudipo nyumbani na bahasha kubwa ya picha ya eksirei, jamaa huitoa na kuielekeza dirishani, kila mmoja akatafuta kwa jicho lake kilichoharibika. Karatasi ya maelezo iliyoambatana nayo huwa fupi, na wakati mwingine husema mambo matatu tu: kivuli cha moyo kimepanuka, kuna maji katika nyufa za pafu, na mistari ya Kerley inaonekana. Maneno hayo yote hueleza jambo moja, nalo ni moyo ulioshindwa kusukuma damu kama ipasavyo. Safu ya leo tumeamua kuyafungua, kwa kuwa kati yake limo moja ambalo huweza kuitia nyumba nzima hofu isiyo mahali pake.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 62, mwenye presha kwa miaka 15, aliyeacha vidonge vyake alipojiona mzima. Kwa wiki tatu amekuwa hawezi kulala ila kwa mito mitatu. Usiku wa manane huzinduka akitweta, akaketi ukingoni mwa kitanda hadi pumzi zimrudie. Miguu imevimba, ndara za kila siku zinambana. Kwa sababu anakohoa, amepewa dawa ya kikohozi isiyomfaa kitu. Hatimaye apigwa picha ya kifua, na wa kwanza kuitazama asema kuna kitu cha mviringo katikati ya pafu la kulia, huenda ni uvimbe. Jioni ile wanawe waanza kuulizana gharama za matibabu ya saratani.

Hebu tuisome picha ile kwa utaratibu, tukianza na moyo. Daktari hupima upana wa kivuli cha moyo pale kilipo kipana zaidi, kisha upana wa kifua kwa ndani, kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa mtu mzima moyo hautarajiwi kuzidi nusu ya kifua. Kwa mama yetu moyo una sentimita 17 na kifua sentimita 28, yaani zaidi kidogo ya asilimia 60. Lakini kipimo hiki kina masharti: mgonjwa awe amesimama, kifua chake kimegusa bamba la picha, mwali ukitokea mgongoni, naye amevuta pumzi kwa kina akaizuia. Aliyepigwa akiwa kitandani, mwali ukitokea mbele, moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo, kama vile kivuli cha mkono kinavyokua unapousogeza mbali na ukuta. Picha ya namna hiyo haitoshi kumwambia mtu kuwa moyo wake umepanuka.

Mistari ya Kerley yataka jicho kali zaidi. Upande wa kushoto wa moyo ndio unaopokea damu kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini. Presha ya miaka mingi huufanya msuli wake kuwa mnene, kisha mgumu, mwishowe dhaifu. Damu isiyosukumwa mbele hurudi kujaa nyuma, na mishipa ya mapafu huanza kuvuja maji. Maji hayo kwanza huingia katika kuta nyembamba zinazogawanya pafu katika vyumba vidogo vidogo. Kuta hizo zikiwa kavu hazionekani katika picha. Zikilowa hunenepa, nazo hujitokeza kama vijistari vyeupe vilivyolala, vya sentimita moja au mbili, vikipandana kama vipago vya ngazi pembeni kabisa mwa pafu, chini, karibu na mbavu. Mtaalamu wa eksirei kutoka Ireland, Peter Kerley, ndiye aliyeieleza mnamo 1933, na jina lake likabaki.

Kuitofautisha na mishipa ya damu si kugumu kwa aliyezoea. Mshipa hugawanyika matawi na kufifia kabla ya kufika ukingoni. Mstari wa Kerley hauna tawi, na huugusa ukingo wenyewe. Kwa wanawake lipo tatizo la ziada, kwani kivuli cha matiti huangukia sehemu ile ile ya chini na huweza kuificha mistari hiyo. Nguo nazo husumbua: pini ya mtandio, mkufu, na hata msuko mnene wa nywele ukilala begani hutoa alama zake kwenye picha. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kuvua na kuvaa kanzu ya hospitali. Anayeona haya na aombe kuhudumiwa na mpigapicha wa kike kabla hajaingia chumbani.

Sasa tukifikie kile kilichoitwa uvimbe. Pafu la kulia lina sehemu tatu, na baina yake mna nyufa mbili. Mmoja umelala, mwingine umeinama. Ufa uliolala huonekana, ukionekana, kama unywele. Moyo ukishindwa, maji huweza kuingia katika ufa huo na kuutanua, na yakinaswa humo hufanya umbo la kokwa ya embe: nene katikati, lenye ncha pande zote mbili. Ncha hizo ndizo dalili ya kwanza. Ya pili hupatikana kwa picha ya ubavuni, ambapo umbo lile huonekana limelala sawasawa juu ya njia ya ufa. Uvimbe wa saratani haulazimiki kufuata njia hiyo. Madaktari huyaita maji haya uvimbe wa kuyeyuka.

Mama yetu apewa furosemaidi, dawa inayoyatoa maji kwa mkojo, na kila asubuhi apimwa uzito. Katika siku tano apungua kilo nne, na usiku wa tatu tayari amelala kwa mto mmoja. Picha ya pili yaonyesha vijistari vimetoweka, na kokwa ile haipo. Umebaki unywele wa ufa. Kivuli cha moyo bado ni kipana, kwani dawa imeondoa maji tu, haikuuponya msuli. Lau kivuli kile cha mviringo kingebaki ilhali maji mengine yote yamekauka, hapo ingebidi kutafuta sababu nyingine.

Picha hii ina mipaka yake. Moyo huweza kuwa umeanza kushindwa na kifua kikaonekana safi. Kivuli kipana nacho huweza kuwa ni maji ndani ya mfuko unaouzunguka moyo, wala si moyo wenyewe. Eksirei haiwezi kuyatenganisha hayo mawili, wala kueleza nguvu ya msuli; kwa hayo hutumika kipimo cha eko, kinachouonyesha moyo ukipiga kwa mawimbi ya sauti. Mama yetu naye apelekwa huko kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Picha zote mbili zawekwa katika bahasha moja, ili ya tatu, ikihitajika, ilinganishwe nazo. Nyumbani arejea kwenye vidonge vya presha, papa wa chumvi na achari vyaondolewa kwenye sinia, na mizani yawekwa karibu na mlango wa choo. Hupanda kila asubuhi akitoka kujisaidia, kabla ya chai. Akiongeza zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, maji yanarudi, naye hurudi kwa daktari siku hiyo hiyo bila kusubiri miguu ivimbe.