Utani Unapogeuka Tusi Uwanjani

Katika kriketi, mpigaji husimama muda mrefu akizungukwa na wapinzani, nao humchokoza kwa maneno ili umakini umtoke. Kumwambia kwamba mpira uliopita ulimshinda, hatuoni ubaya: ni habari ya mchezo, naye anaweza kujibu kwa gongo lake.

Mei 2003, kisiwani Antigua, mrushaji Glenn McGrath wa Australia alimtupia Ramnaresh Sarwan wa West Indies swali chafu la kumdhalilisha. Sarwan akajibu kwa kumtaja mke wa McGrath, bila kujua kwamba mama huyo alikuwa akiugua saratani. McGrath alifura kwa hasira, akamjia kidole kikimwelekea usoni.

Wapo wanaomlaumu Sarwan. Sisi tunaona mpaka ulivukwa mapema zaidi, pale swali la kwanza lilipoacha mpira na kugusa utu wa mtu. Aliyeanza matusi hawezi tena kumchagulia mwenzake jibu. Na yalimsaidia nini? Sarwan alipata mikimbio 105, na West Indies wakafikia lengo la 418, ambalo hakuna timu iliyokuwa imewahi kulifikia katika mechi za siku tano.